Uongozi wa Ufundishaji Shuleni: Yale Ambayo Rejesta Haiyaonyeshi

Ifikapo saa mbili na nusu asubuhi, Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi huwa amekwishatimiza kazi nyingi. Amefungua kitabu cha mahudhurio na kuona ni mwalimu gani amesaini na kwa saa ngapi. Amepokea taarifa ya mwalimu wa zamu kuhusu usafi na idadi ya wanafunzi waliofika. Amegonga muhuri kwenye maandalio ya masomo yaliyopangwa mezani. Kama shule inajenga darasa kwa utaratibu wa fosi akaunti, amehesabu mifuko ya saruji iliyobaki stoo na kumsikiliza fundi anayelalamikia mchanga. Simu ya ofisi ya kata nayo imekwishalia, ikidai takwimu ambazo zilitakiwa jana.

Kazi hizo zote ni halali, na shule ambayo haizifanyi husambaratika upesi. Hata hivyo, hakuna hata moja kati yake inayomwezesha kiongozi huyo kujua iwapo mtoto wa Darasa la Pili aliyeketi dawati la mwisho anaweza kutoa 27 kutoka 52. Jambo hilo halimo katika rejesta, na wala halimo katika andalio la somo. Limo katika daftari la mtoto na katika dakika 30 za kipindi cha Kuhesabu, na anayetaka kulijua hana budi kuingia darasani, kukaa, na kutazama.

Hapo ndipo uongozi wa ufundishaji unapotengana na utawala wa kawaida wa shule. Utawala huhakikisha kwamba masharti ya kufundisha yapo: mwalimu amefika, chaki na vitabu vipo, ratiba imebandikwa, fedha za uendeshaji zimetumika kwa mujibu wa taratibu na kuingizwa katika mfumo wa FFARS. Uongozi wa ufundishaji huanza baada ya masharti hayo kutimia, na huuliza swali lingine kabisa, yaani ni nini hasa wanafunzi walichojifunza katika kipindi kile, na mwalimu abadilishe nini ili kesho wajifunze zaidi.

Dhana hii si ngeni katika taaluma ya elimu. Mapema miaka ya 1980, mtafiti Philip Hallinger alitunga dodoso la kupima jinsi wakuu wa shule wanavyosimamia ufundishaji. Dodoso hilo, ambalo limetumiwa katika nchi nyingi tangu wakati huo, liliigawa kazi ya mkuu wa shule katika maeneo matatu: kuweka wazi malengo ya shule, kusimamia ufundishaji wenyewe, na kujenga mazingira ya kujifunza. Hapa nchini, mafunzo ya uongozi kwa Walimu Wakuu wa shule za msingi na Wakuu wa Shule za sekondari hutolewa na Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, wenye makao yake Bagamoyo. Kati ya maeneo hayo matatu, la pili ndilo gumu kulitekeleza, kwa kuwa ndilo linalomtoa kiongozi ofisini na kumweka mbele ya mwalimu mwenzake.

Karatasi zinaposema kweli, lakini si kweli yote

Mwaka 2014, utafiti wa Viashiria vya Utoaji Huduma unaoendeshwa na Benki ya Dunia ulifanyika katika shule za msingi za Tanzania Bara. Watafiti walifika shuleni bila kutoa taarifa na kuwatafuta walimu waliokuwa wamechaguliwa katika orodha. Takriban mwalimu mmoja kati ya saba hakuwapo shuleni. Watafiti walipoangalia ni nani aliye darasani katika muda wa kipindi chake, waligundua kwamba karibu nusu ya walimu hawakuwemo. Walio wengi miongoni mwa hao walikuwa ndani ya eneo la shule.

Takwimu hizo ni za wakati ule, na hazipaswi kuchukuliwa kuwa picha ya kila shule ya leo. Thamani yake ni kuonyesha umbali uliopo kati ya saini na darasa. Kitabu cha mahudhurio kilikuwa sahihi kwa walimu wale, kwani walifika na wakasaini. Chombo hicho kilipima kile kilichoundwa kupima, nacho ni kufika kazini.

Ndivyo ilivyo kwa nyaraka nyingine. Azimio la kazi huonyesha kile ambacho mwalimu amekusudia kufundisha katika wiki na miezi ijayo. Andalio la somo huonyesha kile anachokusudia kufundisha leo. Shajara la somo huonyesha mada aliyosema ameifundisha. Zote tatu hueleza nia au kauli ya mwalimu, na hakuna inayobeba ushahidi kutoka kwa mwanafunzi. Inawezekana kabisa andalio likawa safi, lenye utangulizi, maarifa mapya na hitimisho, huku sehemu ya tathmini ikiwa imejazwa maneno “wanafunzi wengi wameelewa” kabla kipindi hakijafundishwa. Kila Mwalimu Mkuu mzoefu amewahi kukutana na andalio la namna hiyo, na baadhi yao, kama watasema ukweli, waliwahi kuliandika walipokuwa walimu wa darasa.

Ipo hatua ya kati ambayo huwadanganya viongozi wengi wenye bidii, nayo ni ile ya kuzungukia madarasa. Mwalimu Mkuu hupita barazani, huchungulia dirishani, huingia kwa dakika tatu, wanafunzi husimama na kumwamkia, naye huwajibu, hutazama ubao, kisha hutoka. Mzunguko wa aina hii hufaa kwa jambo moja: kuhakikisha kwamba hakuna darasa lililo peke yake. Haufai kwa kuboresha ufundishaji, na upo ushahidi wa kitafiti kuhusu hilo. Mwaka 2013, Jason Grissom na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wakuu wa shule wapatao 100 katika wilaya ya Miami-Dade, jimbo la Florida nchini Marekani, ambapo watafiti walirekodi jinsi kila kiongozi alivyotumia siku nzima ya kazi. Muda uliotumika kwa masuala ya ufundishaji ulikuwa takriban asilimia 13 tu, na sehemu kubwa zaidi ya muda huo ilikuwa matembezi mafupi ya darasani. Shule ambazo viongozi wake walitumia muda mwingi kumwelekeza mwalimu mmoja mmoja na kuboresha mtaala zilikuwa na wanafunzi waliopiga hatua zaidi. Matembezi mafupi hayakuonyesha manufaa hayo, na katika shule za sekondari za juu yaliambatana na matokeo hafifu, hasa pale ambapo walimu hawakuyaona kuwa sehemu ya kuwaendeleza kitaaluma.

Miami haifanani na Kishapu wala Newala, na hakuna sababu ya kuazima asilimia zake. Kinachohamishika ni maelezo ya sababu. Mtu anayekaa dakika tatu huona mwenendo wa nje, kama vile utulivu wa darasa, mwandiko wa ubaoni na mavazi ya mwalimu. Mambo hayo ndiyo atakayoyasemea, na mwalimu naye hujifunza kuyatengeneza hayo.

Kipindi kimoja cha Darasa la Pili

Tofauti hii hueleweka vizuri zaidi kwa kufuata kipindi kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya maelezo, lakini kosa la wanafunzi lililomo ni la kawaida na linafahamika sana kwa walimu wa Hisabati.

Mwalimu Mkuu wa shule yenye walimu 14 anamwendea mwalimu wa Darasa la Pili siku moja kabla. “Mwalimu, kesho ningependa kukaa katika kipindi chako cha Kuhesabu. Je, kuna jambo ambalo ungependa nikusaidie kulitazama?” Mwalimu anajibu kwamba anafundisha kutoa kwa kuchukua, na kwamba katika zoezi la wiki iliyopita watoto walifanya vibaya bila yeye kuelewa sababu. Mazungumzo hayo hayazidi dakika tano, lakini yamezaa kitu muhimu. Uangalizi sasa una swali, na swali hilo ni la mwalimu mwenyewe.

Siku ya pili Mwalimu Mkuu anaingia pamoja na mwalimu, si baada yake, na kuketi nyuma pembeni mahali ambapo anaona nyuso na madaftari. Simu ameiacha kwa Mwalimu Mkuu Msaidizi. Karatasi yake ina safu tatu: muda, anachofanya mwalimu, na wanachofanya wanafunzi. Hana fomu ya kutia alama za vema katika vipengele 30, kwa sababu fomu ya namna hiyo humfanya atazame karatasi badala ya darasa. Anaandika kile anachokiona na kukisikia, bila maneno ya kuhukumu. Haandiki “mwalimu hakushirikisha wanafunzi”. Anaandika kwamba katika dakika kumi za mwanzo mwalimu aliuliza maswali tisa, na saba kati yake yalijibiwa na darasa zima kwa pamoja.

Darasa lina wanafunzi 78. Mwalimu anafanya mifano mitatu ubaoni kwa sauti nzuri na mwandiko safi. Anauliza, “Tumeelewana?” Darasa linajibu, “Ndiyo!” Anatoa zoezi la maswali matano, la kwanza likiwa 52 kutoa 27. Watoto wanainama kuandika. Kisha mwalimu anaketi mezani na kuanza kusahihisha madaftari ya wanaomaliza kwanza. Wanaomaliza kwanza ni wale walioelewa, hivyo foleni iliyo mbele yake inampa habari njema: vema, vema, vema.

Wakati huo Mwalimu Mkuu ananyanyuka taratibu na kutazama madaftari 12, manne kutoka safu ya mbele, manne ya katikati na manne ya nyuma. Katika madaftari nane kati ya hayo, jibu la swali la kwanza ni 35. Jibu sahihi ni 25. Katika maswali mengine kosa ni la aina hiyohiyo. Hapo kipindi kinaanza kufumbuka. Watoto hawa hawabahatishi, bali wana kanuni. Katika nafasi ya mamoja wanaona 2 juu na 7 chini, na kwa kuwa wamezoea kwamba namba ndogo ndiyo inayotolewa kwenye namba kubwa, wanatoa 2 kwenye 7 na kupata 5. Katika makumi wanatoa 2 kwenye 5 na kupata 3. Kanuni yao haijawahi kuwaangusha katika muda wote waliofundishwa kutoa bila kuchukua, nao hawana sababu ya kuiacha.

Hakuna waraka shuleni ambao ungeonyesha jambo hilo. Andalio lilikuwa na mada sahihi, shajara lingesema mada imefundishwa, na matokeo ya mtihani wa mwezi yangeonyesha alama ya chini bila kutaja kwamba theluthi mbili ya watoto waliotazamwa wana kosa moja, lenye chanzo kimoja, linaloweza kurekebishwa.

Mazungumzo yanayofuata

Kazi ngumu huja baadaye, nayo haihitaji muda mrefu. Inahitaji faragha na siku hiyohiyo. Ofisi ya walimu wote haifai, na mlango wa darasa wakati wanafunzi wanatoka haufai zaidi. Mwalimu Mkuu katika mfano huu anakutana na mwalimu baada ya vipindi vya asubuhi, katika darasa lililo tupu, akiwa na madaftari matatu mkononi.

Haanzi kwa sifa wala kwa lawama. Anaweka madaftari mezani na kuuliza, “Mwalimu, unadhani mtoto huyu alifikirije hadi akapata 35?” Mwalimu anatazama la kwanza, anatazama la pili, ananyamaza kidogo. “Anageuza. Anatoa kidogo kwenye kikubwa.” Baada ya hapo hakuna haja ya hotuba. Mwalimu mwenyewe anakumbuka kwamba mifano yake mitatu ilionyesha hatua za kuchukua kumi, lakini haikuonyesha kwa nini 7 haiwezi kutolewa kwenye 2 bila kuchukua. Pia anatambua, alipoonyeshwa mpangilio wa muda, kwamba tangu zoezi lilipoanza hakutazama daftari lolote la safu ya nyuma.

Wanakubaliana mambo mawili tu. La kwanza ni kufundisha tena kwa vijiti: mafungu matano ya vijiti kumikumi na vijiti viwili pembeni, na mtoto aombwe kutoa vijiti 27. Ataona kwamba vijiti viwili havitoshi na kwamba fungu moja halina budi kufunguliwa. La pili ni kutoa swali moja kabla ya zoezi, kisha mwalimu apite katika safu zote kabla hajaketi. Mwalimu Mkuu angeweza kuorodhesha mambo mengine sita, kwa mfano mpangilio wa madawati, wanafunzi wawili waliochelewa, matumizi ya ubao, majibu ya pamoja. Anayaacha. Mwalimu anayepewa mambo manane hubadilisha lile lililo rahisi, mara nyingi ubao.

Wiki moja baadaye Mwalimu Mkuu anarudi, na anatazama tena madaftari 12. Sasa wenye kosa la kugeuza ni watatu. Lakini katika swali la 50 kutoa 27, watoto sita wameandika 37. Sifuri imewarudisha kwenye kanuni yao ya zamani: kwa kuwa juu hakuna kitu, wameshusha 7 kama ilivyo. Jibu ni 23. Jambo hilo halimaanishi kwamba somo la wiki iliyopita lilishindwa. Linaonyesha hatua inayofuata, na mwalimu safari hii amekwishaliona kabla hajaambiwa, kwa sababu alipita katika safu.

Marudio hayo ndiyo yanayopuuzwa zaidi. Uangalizi wa mara moja hutoa ushauri usiojulikana kama umefuatwa au umesaidia. Ziara ya pili humpa mwalimu sababu ya kujaribu, na humpa Mwalimu Mkuu nafasi ya kujua kama ushauri wake mwenyewe ulikuwa sahihi, jambo ambalo si la hakika sikuzote.

Si kila tatizo huponywa kwa mrejesho

Kuchanganya majukumu haya mawili hutokea pia upande wa pili. Mwalimu asiyeingia darasani, anayechelewa kila Jumatatu, au anayetumia muda wa kipindi kwa shughuli zake binafsi, haitaji mazungumzo kuhusu mbinu za kufundisha kutoa kwa kuchukua. Suala lake ni la kiutawala na kinidhamu. Lina utaratibu wake chini ya kanuni za utumishi wa walimu, na Mwalimu Mkuu anapaswa kulishughulikia kwa maandishi na kwa wakati. Viongozi wapole wakati mwingine huligeuza tatizo la nidhamu kuwa “ushauri wa kitaaluma” ili kukwepa barua ngumu. Walimu wanaofundisha kwa bidii huliona hilo mara moja, na heshima yao kwa uangalizi wote hupungua.

Kinyume chake, mwalimu anayeingia kila kipindi, anayejituma, lakini ambaye wanafunzi wake hawaelewi, hawezi kusaidiwa kwa karipio. Kumwandikia barua ya kujieleza kuhusu ufaulu mdogo ni kumtaka aeleze jambo ambalo, kama angelijua, angekwishalirekebisha.

Njia ya haraka ya kupambanua ni kuuliza iwapo mwalimu angeweza kufanya vizuri kama angeamua. Kama jibu ni ndiyo, kazi ni ya utawala. Kama jibu ni kwamba hajui kosa liko wapi, kazi ni ya kufundisha mwalimu. Zipo hali zenye yote mawili, na hapo busara ni kushughulikia mahudhurio kwanza, kwa kuwa kipindi ambacho hakikufanyika hakiwezi kuangaliwa.

Mpaka mwingine unaohitaji kulindwa ni ule ulio kati ya uangalizi wa kusaidia na tathmini ya utendaji. Watumishi wa umma hupimwa kupitia mfumo wa PEPMIS, na shule hutathminiwa na Wathibiti Ubora wa Shule. Tathmini hizo zina nafasi yake. Lakini mwalimu akiamini kwamba kila anachofanya mbele ya Mwalimu Mkuu kitaingia katika alama zake, ataandaa kipindi cha maonyesho. Dalili zake zinajulikana: somo lililofundishwa jana linarudiwa leo, wanafunzi wananyoosha mikono kabla swali halijaisha, wanaoitwa ni walewale watano, na zana mpya ambayo haina hata alama ya vidole inatokea ukutani. Katika kipindi cha namna hiyo hakuna kosa lolote la mwanafunzi linaloonekana, na kutoonekana huko ndiko kunakopaswa kumtia mashaka mwangalizi. Karatasi ya safu tatu, kwa hiyo, hubaki kati ya watu wawili. Mwalimu hupewa nakala, na haipelekwi ngazi nyingine.

Hesabu ya muda

Pingamizi la kwanza la kila Mwalimu Mkuu ni muda, na ni pingamizi la kweli. Yafaa basi lihesabiwe. Ziara moja huchukua kipindi kizima, dakika 30 kwa Darasa la Kwanza na la Pili au 40 kwa madarasa ya juu, pamoja na nusu saa ya mazungumzo. Ni saa moja na dakika chache. Ziara tatu kwa wiki ni saa tatu na nusu hivi. Kwa muhula wenye wiki 15 zinazofaa, ukiondoa za mitihani, hizo ni ziara 45. Katika shule yenye walimu 14, kila mwalimu atafikiwa mara tatu na zitabaki ziara tatu za dharura.

Saa tatu na nusu kwa wiki zinapatikana, lakini hazipatikani zenyewe. Kinachozila ni vipande vidogo: mgeni asiye na miadi, mzazi aliyekuja kuuliza kuhusu uhamisho, takwimu zilizoombwa mara mbili na ofisi mbili tofauti. Baadhi ya mambo hayo yanaweza kukabidhiwa kwa Mwalimu Mkuu Msaidizi au mwalimu wa zamu. Baadhi hayawezi, kama vile kusaini malipo au usajili wa watahiniwa, ambao kosa lake humwangukia mtoto. Njia inayofanya kazi ni kuweka ziara tatu kwenye ratiba ya shule kama vipindi, zenye siku na saa, na kumjulisha kila mtu kwamba katika saa hizo Mwalimu Mkuu “yuko darasani”. Shule hukubali bila ubishi kwamba mwalimu hatolewi darasani ili azungumze na mgeni. Kanuni hiyohiyo yaweza kumlinda kiongozi wake.

Katika shule kubwa zenye walimu 40 au 50 hesabu hii haitoshi, na hapo kazi hugawanywa na mwalimu wa taaluma pamoja na walimu wazoefu. Katika shule za sekondari mgawanyo huo ni wa lazima kwa sababu nyingine. Mkuu wa Shule aliyesomea Jiografia anaweza kuona kwamba wanafunzi wa Kemia wananakili bila kuuliza, lakini hawezi kutambua kwamba mwalimu amekosea kusawazisha mlinganyo. Mkuu wa idara ndiye anayeweza. Kazi ya Mkuu wa Shule hapo ni kuhakikisha kwamba wakuu wa idara wana vipindi vichache kiasi cha kuwawezesha kuwatembelea wenzao, uamuzi ambao hufanywa mwanzoni mwa muhula wakati wa kupanga ratiba, si Aprili.

Shule ndogo za vijijini zina shida tofauti. Pale penye walimu sita kwa madarasa saba, Mwalimu Mkuu naye ana vipindi karibu sawa na wengine, na anapokaa nyuma ya darasa moja, darasa jingine halina mtu. Ziara moja kwa wiki huenda ikawa ndiyo kiwango cha juu. Faida ya shule hizo ni kwamba Mwalimu Mkuu anafundisha, na anaweza kumwalika mwenzake aje kukaa katika kipindi chake yeye kwanza. Kiongozi aliyekubali madaftari ya wanafunzi wake yatazamwe hupata ruhusa ya kutazama ya wengine kwa urahisi zaidi.

Kutoka darasa moja hadi shule nzima

Baada ya ziara kadhaa, makosa huanza kufanana. Mwalimu wa Darasa la Tatu ana watoto wanaogeuza namba katika tarakimu tatu, na wa Darasa la Nne analalamika kwamba watoto hawawezi kugawanya kwa njia ndefu, ambayo ndani yake imo kazi ya kutoa. Hilo si tatizo la mwalimu mmoja tena. Mahali pake ni katika jumuiya ya ujifunzaji ya shule, chini ya utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, ambapo walimu hukutana shuleni kwao kujadili changamoto za ufundishaji.

Hapo uangalizi na mafunzo hukutana. Vikao vya namna hii hukosa uhai vinapojadili mada za jumla, na hupata uhai yanapowekwa mezani madaftari halisi, majina yakiwa yamefunikwa, na walimu wakaulizwa ni kanuni gani iliyo kichwani mwa mtoto. Mwalimu Mkuu anapaswa kukaa katika kikao hicho kama mshiriki, si kukifungua na kuondoka. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na Viviane Robinson na wenzake mwaka 2008 ulionyesha kwamba, kati ya mambo mbalimbali ambayo viongozi wa shule hufanya, kuhimiza mafunzo ya walimu na kushiriki humo wao wenyewe ndiko kulikohusiana kwa nguvu zaidi na matokeo ya wanafunzi.

Kwa Afisa Elimu Kata anayetaka kujua kama kazi hii inafanyika katika shule fulani, kuhesabu fomu za uangalizi zilizojazwa hakutamsaidia, kwani fomu hujazwa jioni moja kama maandalio. Yapo maswali mawili yanayojibu upesi zaidi. La kwanza aulizwe Mwalimu Mkuu: ni kosa gani ambalo wanafunzi wa Darasa la Pili wanalifanya sasa hivi katika Kuhesabu? La pili aulizwe mwalimu wa darasa hilo, akiwa peke yake: ni kitu gani alichokibadilisha tangu ziara iliyopita, na Mwalimu Mkuu alirudi lini kukitazama? Majibu ya wawili hao yakilingana, na madaftari ya watoto yakionyesha kosa lilelile walilolitaja, afisa huyo anaweza kuendelea na ratiba yake. Yasipolingana, afungue madaftari 12 kutoka safu tatu na aanzie hapo.